Watoto wawili, jina moja

Asubuhi ya siku ya kliniki huko Kaniha, wilayani Biharamulo, nesi alisimama mlangoni na kuita: "Shija Kulwa Masanja!" Wakanyanyuka akina mama wawili. Kila mmoja alikuwa na mtoto mgongoni na kadi mkononi, na kila mmoja alikuwa na haki ya kunyanyuka, kwa sababu majina yote matatu yalikuwa ya mwanawe. Watu kwenye benchi wakacheka. Nesi naye akatabasamu, akauliza: "Mama Kulwa yupi sasa?" Wakajibu wote wawili: "Mimi."

Nilikuwa pale kwa kazi yangu ya kuandika habari za afya, nikifuatilia chanjo za watoto. Majina na tarehe nitakazozitaja hapa ni za mfano, ili nisiwaanike watoto wa watu. Lakini jambo lenyewe nimelikuta mara nyingi kwenye madaftari ya zahanati, na mzazi anayesoma hapa kwenye simu yake huenda ana mtoto ambaye jina lake lote limeandikwa pia kwenye mstari wa mtoto mwingine.

Wala si ajabu likitokea. Kwetu Tanzania fomu inataka majina matatu, la mtoto, la baba na la babu. Kwa Wasukuma, ambao wengi wamehamia maeneo ya Biharamulo kulima na kufuga, majina mengi yanatokana na namna mtoto alivyozaliwa. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na mtoto anayewafuata mapacha huitwa Shija. Upande wa pili wa mpaka, kwa Warundi, mapacha ni Bukuru na Butoyi. Kwa hiyo familia mbili zisizo na undugu wowote, zikijaliwa mapacha kisha mtoto mwingine, zote zina Shija. Kama baba naye ni Kulwa kwa kuwa alizaliwa pacha, na babu ni Masanja kama akina Masanja wengine wengi, majina matatu yamekwisha kufanana. Hata mama zao wanaitwa jina moja, kwa sababu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na kwa hao wawili mtoto wa kwanza ni Kulwa.

Pale mlangoni haikuwa shida, maana mama zao walikuwepo na kila mmoja alimjua mwanawe. Shida ilikuja jioni, wagonjwa walipokwisha, nesi alipokaa na daftari kuandaa orodha ya watoto waliokosa chanjo ili mhudumu wa afya ngazi ya jamii awafuate nyumbani. Ilikuwa mwezi Mei 2023. Mezani kulikuwa na mistari mitatu, na hapakuwa na mama wa kuulizwa.

Mstari wa kwanza ulisema: Shija Kulwa Masanja, kazaliwa 03/07/2022, mama: Mama Kulwa. Chanjo ya surua na rubela: hakuna.

Mstari wa pili: Shija Kulwa Masanja, kazaliwa 07/03/2022, mama: Mama Kulwa. Chanjo ya surua na rubela: hakuna.

Mstari wa tatu haukuwa kwenye daftari la zahanati. Ulitoka kwenye daftari la huduma ya mkoba, ile ambayo wahudumu hubeba chanjo na kuzifuata familia zinazokaa mbali. Uliandikwa: Emanueli Kulwa Masanja @ Shija, kazaliwa 07/03/2022. Surua na rubela: amepata, 07/12/2022.

Sasa mzazi mwenzangu, hebu tulia hapo kidogo. Hawa ni watoto wangapi? Na ile chanjo moja iliyotolewa, ni ya nani?

Kijana aliyekuwa akimsaidia nesi alikuwa na jibu la haraka. "Sista, Shija amekwishachanjwa huyu, tumfute." Alikuwa ameshika kalamu juu ya mstari wa kwanza, kwa kuwa ndio aliouona kwanza. Kama angeufuta, mtoto mmoja angeonekana amekingwa dhidi ya surua kwa sindano aliyochomwa mwenzake, na hakuna mtu ambaye angemtafuta tena. Surua ikiingia kijijini haisomi daftari. Inampata yule ambaye mwili wake haukupata chanjo.

Nesi alimzuia, akaanza na tarehe za kuzaliwa.

Tarehe ya kuzaliwa ina sifa ambayo jina halina, nayo ni kwamba haichaguliwi. Hakuna anayerithi tarehe ya babu yake. Ndiyo maana namba ya Kitambulisho cha Taifa, yenye tarakimu 20, huanza na tarakimu 8 za mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Watu wawili wenye majina sawa wakipishana tarehe, dalili ya kwanza ni kwamba ni watu wawili.

Lakini ni dalili tu. Tazama tena 03/07 na 07/03. Tarakimu ni zile zile, zimegeuzwa. Sisi tunaandika siku kwanza, halafu mwezi. Zipo simu na kompyuta zinazoanza na mwezi. Mtu akinakili kutoka kwenye kioo bila kuangalia, tarehe 7 Machi inakuwa 3 Julai, na mtoto mmoja anakuwa wawili. Kugeuka huku kunawezekana pale tu siku isipozidi 12, kwa sababu hakuna mwezi wa 13. Mtoto aliyezaliwa tarehe 25 hawezi kukumbwa na balaa hili, ila hawa wawili wangeweza.

Je, ilikuwa tarehe moja iliyogeuzwa, au ni tarehe mbili za kweli? Nesi hakubahatisha. Alikwenda kwenye tarehe nyingine zilizomo kwenye mistari ile ile, zile za chanjo za mwanzo. Kwa ratiba yetu, chanjo ya kwanza ya Penta hutolewa mtoto akitimiza wiki 6. Mtoto wa mstari wa kwanza aliipata 15/08/2022. Ukihesabu siku 42 kutoka 3 Julai unafika 14 Agosti, Jumapili, na kesho yake kliniki ilikuwa wazi. Inakaa sawasawa. Mtoto wa mstari wa pili aliipata 19/04/2022. Siku 42 kutoka 7 Machi zinafikia 18 Aprili, ambayo mwaka ule ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Akaja kesho yake. Nayo inakaa sawasawa. Zaidi ya hapo, mtoto aliyechomwa sindano mwezi Aprili hawezi kuwa amezaliwa Julai, maana hakuna anayechanjwa kabla hajazaliwa.

Akamalizia na uzito. Katikati ya Agosti watoto wote wawili walipimwa, wa kwanza akawa na kilo 4.6 na wa pili kilo 7.2. Kilo 4.6 ni mtoto wa wiki 6, na kilo 7.2 ni mtoto wa miezi 5. "Huyu na huyu," nesi akasema akigonga mistari kwa kidole, "hawakutoka siku moja." Tarehe zilikuwa za kweli zote mbili, na watoto walikuwa wawili.

Njia hii ya kuipima tarehe kwa matukio mengine ndiyo iliyonivutia zaidi, kwa sababu tarehe ya kuzaliwa ikiwa peke yake ina udhaifu wake. Wapo watu wazima wengi ambao siku yao ya kuzaliwa haikuandikwa, na waliposajiliwa wakapewa 1 Januari au 1 Julai. Ukikuta wawili wenye jina moja, wote wa 01/07, usishangilie kuwa umempata mmoja. Tarehe hiyo inaweza kuwa ya karani, si ya mama. Vilevile kupishana kwa siku moja si ushahidi wa watu wawili. Mtoto akizaliwa saa tatu usiku wa Jumapili, bibi atasema alizaliwa usiku wa kuamkia Jumatatu. Nesi ataandika tarehe ya Jumapili, mama kesho atataja tarehe ya Jumatatu, na wote wawili wanasema kweli. Tena kwa mapacha tarehe haisaidii kabisa, kwa sababu siku ni moja, baba mmoja, babu mmoja, na tofauti yote imebebwa na jina la kwanza.

Ulibaki mstari wa tatu, wa Emanueli.

Jina halikufanana na Shija, lakini baada yake kulikuwa na ile alama ya @ na neno Shija. Wengi wetu tunaijua alama hiyo kwenye anwani za barua pepe. Kwenye majalada ya mahakama za Tanzania ina kazi nyingine ya siku nyingi, ambayo ni kusema "anayejulikana pia kama". Mshtakiwa mwenye jina la kitambulisho na jina la mtaani huandikwa yote mawili, na @ katikati. Mhudumu aliyeandika lile daftari la mkoba aliitumia vivyo hivyo. Yaelekea mama alimtaja mtoto kwa jina la ubatizo, jirani akamwita Shija, na mhudumu akawa na akili ya kuandika yote.

Hapo kijana akafurahi: "Si ndiye Shija, Sista!" Ndiye Shija, ndiyo. Lakini Shija yupi? Jina lile la pembeni liliwafaa watoto wote wawili sawasawa, kwa hiyo likiwa peke yake halikuamua kitu. Tarehe ya 07/03/2022 ikiwa peke yake nayo isingetosha, maana Emanueli angeweza kuwa mtoto mwingine kabisa wa Masanja mwingine, aliyezaliwa siku hiyo hiyo. Vilipokutana viwili ndipo vilipozungumza. Jina la pembeni lilisema Emanueli ni Shija, na tarehe ikasema ni Shija wa Machi. Kisha umri ukathibitisha. Dozi ya kwanza ya surua na rubela hutolewa miezi 9, na mtoto wa 7 Machi anaitimiza 7 Desemba, siku ile ile iliyoandikwa. Yule wa Julai siku hiyo alikuwa na miezi 5 tu, na asingechomwa chanjo hiyo kwa ratiba ya kawaida.

Kwa hiyo mistari ilikuwa mitatu na watoto wawili. Sindano ilikuwa ya mtoto wa mstari wa pili, na aliyekuwa hana kinga ni wa mstari wa kwanza, yule ambaye kalamu ilikuwa tayari juu yake. Alikuwa amefikisha miezi 9 tarehe 3 Aprili, mwezi mmoja uliopita. Mhudumu alimfuata nyumbani, akaiona kadi haina chanjo hiyo, na mtoto akaletwa.

Kitu kimoja alichosema nesi jioni ile nimekishika. Kwenye daftari kuna makosa mawili, na hayalingani. Kosa la kwanza ni kumgawa mtoto mmoja kuwa wawili. Kosa la pili ni kuwaunganisha watoto wawili kuwa mmoja. Ukimgawa mtoto, labda atachomwa tena chanjo ya surua aliyokwisha kuipata, na dozi ya ziada ya chanjo hiyo haimdhuru. Ukiwaunganisha, mmoja anapotea ndani ya mwenzake. Kwa hiyo pasipokuwa na uhakika, wanabaki wawili mpaka kadi ionekane. Wodini mambo ni mazito zaidi. Fikiria mtoto mwenye malaria iliyomwishia damu, sampuli yake ikiwa na jina tu, na kitanda cha pili amelala wa jina lake. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo mwaka 2007 kwamba mgonjwa atambuliwe kwa angalau vitu viwili, kama jina na tarehe ya kuzaliwa, na namba ya chumba isihesabiwe kuwa kimojawapo.

Wazee wa Ngara, wilaya jirani, hawahitaji kufundishwa jina likikosa wa kulielezea linavyompoteza mtu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, wakaingia Ngara na kujaza kambi ya Benaco. Kati yao walikuwemo watoto waliopotezana na wazazi. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na mashirika mengine wakawa wanawaandika watoto hao ili kuwatafutia ndugu. Kwa Wanyarwanda ilikuwa kazi ngumu, kwa kuwa kwa desturi yao mtoto harithi jina la baba. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata herufi, wakati watoto wawili wasiojuana wanaitwa Uwimana wote. Mtoto wa miaka 3, ukimuuliza mama yake anaitwa nani, atakwambia anaitwa Mama.

Fomu ya pamoja ambayo mashirika hutumia duniani kuwaandika watoto waliotengana na wazazi imejengwa kwa kuujua ugumu huo. Ina mstari wa jina kamili. Ina mstari wa jina lingine analojulikana kwalo. Ina na mstari wa tatu, wa jina alilopewa na watu wengine, kwa sababu mtoto aliyeokotwa njiani huitwa jina na aliyemwokota, na jina hilo mama yake mzazi hajawahi kulisikia. Akitafuta kwa jina alilompa yeye, asimpate. Hayo majina matatu yakiandikwa kila moja mahali pake, pamoja na tarehe ya kuzaliwa au umri wa kukadiria, mtu aliye mbali anaweza kusema, "Huyu ni wangu."

Ila jina la pembeni nalo lina mipaka yake, na ni vizuri kuijua kabla hujaliandikisha. Kwanza, nafasi yake ikiwa tupu haimaanishi kwamba mtu hana jina lingine. Inamaanisha hakuna aliyeuliza. Mstari wa pili ule haukuwa na neno Emanueli, na bado mtoto alikuwa Emanueli. Kwa hiyo jina la pembeni likilingana linakusaidia kuunganisha, lakini likikosekana halikupi ruhusa ya kutenganisha. Pili, si kila jina la nyumbani linatofautisha. Mtoto aliyepewa jina la babu yake, nyumbani ataitwa Babu, na binamu yake mwenye jina hilo hilo naye ataitwa Babu. Mama Kulwa, Doto, Kaka, Dada, hayo yamejaa kila kitongoji. Jina la pembeni lenye kazi ni lile ambalo ukilitaja kwa majirani, mtoto mmoja tu ndiye anayegeuka.

Tangu siku ile, nikiwapeleka watoto wa dada yangu kliniki, nina mambo machache ninayoyafanya pale mezani, na hayachukui hata dakika mbili.

Tarehe ya kuzaliwa naitaja kwa jina la mwezi, "tarehe 7, mwezi wa tatu, Machi," ili hata ikigeuzwa kwenye maandishi, sikio la aliyeandika limesikia. Naomba aisome tena kutoka alipoandika, si kutoka kichwani. Kama mtoto alizaliwa usiku, tarehe yake nimekwisha kuitazama kwenye tangazo la kizazi alilopewa mama baada ya kujifungua, na hiyo ndiyo naifuata kila mahali, hata kama bibi ana yake.

Majina ya mtoto nayataja yote, la kwenye cheti kwanza, halafu la ubatizo kama ni tofauti, halafu la nyumbani. Kama kadi haina nafasi hiyo, naomba liandikwe pembeni na @ mbele yake. Mtoto aliyeandikwa siku ya kwanza kama "Mtoto wa Fulani" kwa kuwa hajapewa jina, akishapewa, narudi na kadi ile ile ili jina jipya liongezwe kwenye mstari ule ule. Ukifungua kadi mpya kwa jina jipya, chanjo zake za mwanzo zinabaki kwa mtoto ambaye hayupo tena.

Na kwenye mstari wa mama, dada yangu haandikwi Mama Fulani. Kwa heshima ya nyumbani ni jina zuri, lakini daftari linataka majina yake matatu, pamoja na kitongoji. Wale akina mama wawili wa Kaniha walifanya hivyo baadaye. Wanawe bado ni Shija Kulwa Masanja wote wawili, na hawana sababu ya kubadili. Ila mmoja ameandikwa @ Emanueli, wa Machi, na mwenzake ni wa Julai, na mama zao hawaitwi tena jina moja kwenye daftari.